Maji ya Moto Yanayonuka Mayai Viza: Kusaka Chanzo Ndani ya Tangi

"Fundi, hita uliyoniwekea ina mzoga ndani."

Ndivyo mama mmoja alivyonipokea mlangoni, wiki ya tano baada ya kumfungia tangi jipya la lita 150. Sikumlaumu. Alifungua bomba la moto la bafuni, mvuke ukapanda, na chumba kizima kikanuka mayai viza. Hita ya zamani ilikaa pale miaka 11 bila kunuka hata siku moja. Mpya haijamaliza miezi miwili na tayari watoto wanakataa kuoga. Kwa hesabu ya kawaida, mwenye kosa ni hita mpya, au fundi aliyeileta.

Hesabu hiyo ina ukweli nusu. Harufu ilitoka kweli ndani ya hita mpya, lakini hita haikuwa mbovu. Ilinuka kwa sababu ilikuwa nzima, na ile ya zamani ilikuwa hainuki kwa sababu ilikuwa imeshachakaa. Nitaeleza jinsi hilo linavyowezekana, ila kwanza tuhakikishe kwamba unachonusa kinatoka kwenye tangi, maana wengi hubomoa hita kumbe tatizo liko kwenye shimo la sinki.

Kabla ya yote: inanuka hata bomba likiwa limefungwa?

Kama hita yako inatumia gesi, jibu hili mwanzo kabisa. Gesi ya kupikia haina harufu kwa asili yake. Hutiwa kemikali yenye salfa ili ikivuja pua ikamate, na harufu hiyo inafanana sana na ya mayai viza. Kwa hiyo, ikiwa chumba chenye hita kinanuka bila mtu kufungua maji, na hasa karibu na sakafu, acha habari za maji. Usiwashe kiberiti, usibonyeze swichi yoyote ya umeme, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Fungua milango na madirisha, funga valvu ya mtungi kama unaifikia bila hatari, toka nje na uite mtu wa gesi.

Harufu ya maji huja na maji. Bomba likifunguliwa inapanda, likifungwa inapungua.

Glasi, sufuria na pua ya mgeni

Jaza maji ya moto kwenye glasi, kisha toka nayo bafuni hadi chumba kingine au nje kabisa. Nusa huko. Ikiwa glasi hainuki ukiwa mbali na sinki, basi harufu inatoka kwenye shimo la maji machafu: utando wa sabuni na nywele umeoza kwenye kona ya bomba la chini, na maji ya moto yanapoushukia yanauamsha. Hilo ni suala la kusafisha mkondo, hita haihusiki.

Mtu wa kunusa asiwe wewe uliyekaa bafuni dakika kumi. Gesi ya salfa inayoleta harufu hii huchosha pua upesi, na baada ya muda mfupi utaapa kwamba harufu imekwisha. Mwite mtu aliyekuwa nje.

Sasa rudia kwa maji ya baridi. Hapa kuna mtego mmoja unaowapoteza hata mafundi. Gesi hutoka kwenye maji ya moto kirahisi kuliko kwenye maji ya baridi, kama soda ya moto inavyofoka kuliko ya baridi. Hivyo maji yanaweza kuwa na gesi hiyo tangu kisimani, yakiwa baridi pua isishtuke sana, yakipashwa yakanuka vibaya. Mwenye nyumba akasema, "Ni hita," kumbe hita imefanya kazi ya kuitoa tu.

Ndiyo maana natumia sufuria. Chota maji ya bomba la baridi, funika, pasha jikoni mpaka yawe ya moto wa kuogea, funua na unuse papo hapo. Yakinuka, chanzo ni maji yenyewe au mahali yanapohifadhiwa kabla ya kufika kwenye hita, na kubadilisha kitu chochote ndani ya tangi hakutakusaidia. Yasiponuka, wakati yale ya hita yananuka, umeshamkamata: harufu inatengenezwa ndani ya tangi au kwenye mabomba ya moto.

Kwa yule mama nilifanya hivyo hivyo. Glasi ya moto ilinuka hadi uani. Sufuria ya maji ya baridi haikunuka kitu. Kisha nikafungua koki ya chini ya tangi, ile ya kumwagia maji, nikakinga kikombe kimoja. Kilinuka kuliko bomba lolote la nyumbani, na kilikuja na vipunje vyeusi vilivyotulia chini ya kikombe. Ule weusi ni chuma kilichokutana na gesi ya salfa. Ukiuona, una hakika kwamba mambo yanapikwa mle ndani.

Kitu kimoja zaidi cha kuangalia: ni mabomba yote ya moto yananuka au moja tu? Na je, harufu inaendelea muda wote maji yanapotoka, au inakoma baada ya nusu dakika? Ikianza kwa ukali kisha ikakatika, maji yaliyolala kwenye bomba ndiyo yananuka, tangi liko salama au lina tatizo dogo. Ikiendelea mpaka tangi linakaribia kuisha, tangi ndilo jiko.

Kinachotokea mle ndani

Harufu ni ya gesi inayoitwa salfaidi ya hidrojeni, kwa fomyula H₂S. Pua ya binadamu ni kali mno kwake: miligramu 0.05 hadi 0.1 katika lita moja ya maji zinatosha mtu kulalamika. Kwa hiyo usidhani kuna uozo mkubwa. Kiasi kidogo sana kinaharibu kuoga kwa nyumba nzima.

Gesi hiyo hutengenezwa na bakteria. Maji mengi ya ardhini, na hata mengi ya mferejini, yana chumvi za salfeti ambazo hazinuki wala hazina shida kwa kiasi cha kawaida. Wapo bakteria wanaoishi pasipo na hewa ya oksijeni, na badala ya kupumua oksijeni wanapumua salfeti. Wanachotoa baada ya kupumua ni H₂S. Wanapenda giza, utulivu na uvuguvugu. Tangi la hita linawapa vyote vitatu.

Lakini bakteria hawa wanahitaji pia chakula, na hapa ndipo hita mpya inapoingia kesini.

Matangi mengi ya hita ni ya chuma kilichopakwa enameli ndani, aina ya kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Enameli haikosi vitundu vidogo, na kwenye kila kitundu chuma kinagusana na maji ya moto. Ili kutu isitoboe hapo, mtengenezaji anatumbukiza fimbo ya magnesiamu, inayoitwa anodi. Magnesiamu huliwa na maji kirahisi kuliko chuma, kwa hiyo inajitoa mhanga: inalika yenyewe ili chuma kibaki. Katika kulika huko, hidrojeni huzalishwa kwenye chuma cha tangi. Na hidrojeni, kwa bakteria wale, ni ugali.

Sasa rudi kwenye nyumba ya yule mama. Hita ya zamani nilikuwa bado nayo karakana. Niliifungua kichwa cha anodi, nikavuta, kikatoka kiwaya chembamba chenye kutu, urefu wa mkono, bila hata kipande cha magnesiamu. Ile fimbo ilishakwisha, pengine miaka mingi nyuma. Bakteria walikuwa na salfeti ila hawakuwa na hidrojeni, wakakaa kimya, na tangi likaanza kuliwa lenyewe hadi likatoboka na kuniita mimi. Hita mpya ilikuja na fimbo nene, mpya, inayofanya kazi yake vizuri. Karamu ikafunguliwa upya.

Vitu vingine viwili vilichochea. Maji yake ni ya kisima, hayana klorini ya kuwapunguza bakteria. Na themostati ilikuwa imewekwa nyuzi 48 ili kuokoa umeme. Joto hilo linaogeka vizuri, na bakteria nao wanaliona hivyo hivyo. Wenye maji ya mferejini wasijione wamepona: klorini iliyomo huwasaidia, lakini ukifunga chujio la mkaa kwa nyumba nzima kabla ya hita, umeitoa klorini yote. Mashine ya kulainisha maji nayo huifanya anodi iliwe haraka zaidi, na harufu mara nyingi huanza wiki chache baada ya kuifunga.

Kosa langu la kwanza

Niliosha tangi kwa klorini, nikakusanya spana zangu, nikaondoka nikijiona mjuzi. Harufu ilikatika siku hiyo hiyo. Siku ya 19 simu ikaita.

Klorini iliua waliokuwemo. Lakini kisima kinaleta wengine kila siku, na chakula chao nilikiacha kinaning'inia katikati ya tangi. Kuosha peke yake kunatosha tu pale ambapo bakteria waliingia mara moja, kwa mfano baada ya mabomba kufunguliwa kwa ukarabati, au nyumba kukaa wiki kadhaa bila mtu. Ikiwa harufu inarudi ndani ya wiki au mwezi baada ya kuosha, jua anodi inahusika.

Kinyume chake pia ni kosa. Ukibadilisha anodi bila kuosha, utando wa bakteria unabaki kwenye kuta na kwenye tope la chini, na harufu inaweza kuendelea muda mrefu hadi ukadhani umetupa fedha bure. Vitu hivi viwili vifanywe siku moja.

Kubadilisha fimbo

Zima umeme wa hita kwenye swichi kuu, si kwa themostati. Kama ni ya gesi, funga gesi. Ukisahau na tangi likashuka maji huku umeme unawaka, koili inaungua kwa dakika chache. Acha maji yapoe, funga valvu ya maji yanayoingia, kisha fungua bomba moja la moto nyumbani ili presha ishuke.

Kwenye matangi makubwa ya kusimama, kichwa cha anodi kiko juu, mara nyingi nati ya milimita 27, wakati mwingine imefichwa chini ya kifuniko cha plastiki. Ilegeze kabla hujamwaga maji mengi, kwa sababu tangi lililojaa ni zito na halizunguki na spana. Nati hii hukaza ajabu. Tumia spana ya boksi na kipande kirefu cha bomba kama mkono wa kuongeza nguvu, na mtu mwingine ashike tangi. Ikishalegea ndipo umwage lita kumi au ishirini kwa koki ya chini, usije ukalowesha dari ya jirani wa chini.

Kwenye hita ndogo za ukutani mambo ni tofauti. Anodi imefungwa kwa skrubu kwenye flanji ile ile inayobeba koili, kwa hiyo lazima umwage maji yote, utoe nyaya, ufungue flanji na uwe na gasketi mpya mkononi. Gasketi ya zamani ukiirudisha itavuja, na itavujia kwenye nyaya. Hapo kama hujazoea umeme, mpe fundi.

Fimbo ikitoka, itazame. Ikiwa bado nene na ina makovu ya kulika, iko kazini. Ikiwa imebaki waya, tangi limekuwa uchi kwa muda na kufunga fimbo mpya ni lazima, harufu au si harufu.

Badala ya magnesiamu, weka fimbo ya mchanganyiko wa alumini na zinki. Inalika taratibu zaidi na kutoa hidrojeni kidogo, na katika nyumba nyingi hilo linatosha kukata harufu. Hasara yake ni kwamba huacha uji mweupe chini ya tangi unaohitaji kumwagwa mara kwa mara, na sipendekezi kupikia maji ya bomba la moto lenye fimbo hiyo. Zungushia nyuzi tepu ya bomba duru mbili tatu tu. Fimbo lazima iguse chuma cha tangi kupitia nyuzi zake, la sivyo haifanyi kazi.

Pale ambapo alumini imeshindwa, ipo anodi ya umeme: kijiti cha titani kinachopewa mkondo mdogo sana kutoka kwenye adapta ya ukutani. Hakiliki, wala hakihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Kwangu ndiyo dawa ya uhakika kuliko zote, ila mahali umeme unapokatika saa nyingi kila siku, saa hizo tangi halina mlinzi. Pima mwenyewe.

Kuna wanaokwambia, "Toa tu hiyo fimbo, ziba tundu." Harufu itakwisha kweli. Umelipa kwa maisha ya tangi, na udhamini wa mtengenezaji umeutupa siku hiyo hiyo. Nimekubali kufanya hivyo kwenye tangi moja tu, lililokuwa limeshaanza kuvuja na mwenyewe alitaka kuogea miezi miwili zaidi akisubiri jipya.

Kuosha tangi, na hesabu yake

Kwanza mwaga tope. Fungua koki ya chini, fungua na kufunga maji yanayoingia kwa mikupuo ili yachochee chini, mpaka yanayotoka yawe safi. Tope ni nyumba ya bakteria, na klorini hailipenyi.

Kisha hesabu. Lengo ni miligramu 50 za klorini kwa lita. Kwa lita 150 ni miligramu 7,500, yaani gramu 7.5. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 50 kwa lita, kwa hiyo mililita 150 zinatosha kwa tangi safi. Tangi linalonuka si safi, na uchafu unakula klorini kabla haijafika kwa bakteria, kwa hiyo mimi huongeza mara mbili: mililita 300. Soma asilimia kwenye chupa. Chagua isiyo na manukato, na isiwe chupa iliyokaa kabatini mwaka mzima, maana nguvu hupotea.

Umeme ukiwa bado umezimwa na maji yamepoa, mimina dawa kwa faneli kupitia tundu la anodi, funga fimbo mpya, fungua maji yaingie. Nenda bomba moja baada ya jingine upande wa moto, likiwemo la kuogea na la mashine ya kufulia, na kila moja liache litoke hadi unuse klorini, kisha funga. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu wanashangaa harufu kubaki. Mabomba nayo yana utando ule ule. Acha saa mbili hadi tatu, mtu asitumie maji hayo, kisha mwaga na suuza hadi harufu ya klorini iishe. Ndipo uwashe umeme, na uhakikishe kwanza kwamba tangi limejaa: bomba la moto litoe maji mfululizo bila kukohoa hewa.

Usichanganye klorini na siki, asidi ya kuondoa chokaa, wala dawa nyingine yoyote ya usafi. Gesi inayotoka ni sumu. Fungua dirisha.

Kama tangi ni la chuma cha pua, klorini si rafiki yake. Tumia peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3, nusu lita hadi lita moja kwa lita 150. Inaharibu gesi ya salfa papo hapo na inaishia kuwa maji na oksijeni.

Joto

Nyuzi 60 na kuendelea, wengi wa bakteria hawa hawaishi. Hiyo ndiyo sababu ya kutoacha themostati kwenye 48, na si kwa harufu tu: vijidudu vya legionela vinavyoshambulia mapafu hustawi kwenye uvuguvugu huo huo. Lakini namba ya kwenye themostati si joto la tangi zima. Maji yaliyo chini ya koili, pamoja na tope lake, hubaki ya uvuguvugu hata juu pakiwa moto. Ndiyo maana kupandisha joto kwenye tangi lenye tope hupunguza harufu bila kuimaliza.

Njia ya joto peke yake, bila klorini, inawezekana: pandisha hadi 70 kwa saa kadhaa baada ya kumwaga tope, kisha pitisha maji hayo kwenye kila bomba. Hakikisha kwanza valvu ya usalama ya presha inafanya kazi, na mtengenezaji anaruhusu joto hilo. Watu wote wa nyumbani waambiwe. Maji ya nyuzi 60 yanamchoma mtu mzima kwa sekunde kama tano, na mtoto haraka zaidi. Nyumba yenye watoto au wazee, ukiweka 60 kwa kudumu, funga valvu ya kuchanganya baridi na moto kwenye bomba linalotoka.

Kwa yule mama tuliweka 60 na valvu hiyo, fimbo ya alumini na zinki, na kuosha kwa mililita 300. Mwezi wa kwanza nilimpigia mimi kabla hajanipigia yeye.

"Hainuki," alisema. "Ila hiyo hita ya zamani haikunisumbua hivi."

Hita zisizo na tangi, na za jua

Hita ya papo hapo haina tangi wala anodi. Ikiwa yako inanuka, karibu kila mara ni maji yanayoingia au mkondo wa sinki. Rudi kwenye sufuria.

Hita ya jua yenye tangi juu ya paa ina fimbo kama nyingine, na mara nyingi hakuna anayeikumbuka kwa sababu hakuna anayepanda huko. Siku za mawingu mfululizo tangi hukaa na uvuguvugu bila kufika 60, na ndizo siku harufu huanza. Kama kuna koili ya umeme ya akiba, iwashe mara moja kwa wiki katika siku hizo hadi tangi lifike 60.

Matangi mengi ya shaba na ya chuma cha pua hayana anodi. Usifungue kila nati ukitafuta kisichokuwepo, soma kibandiko.

Nyumba iliyofungwa muda mrefu

Umerudi safari ya wiki mbili au zaidi, hita ilikuwa imejaa maji bila kutumika. Anodi iliendelea kulika, na hidrojeni imekusanyika juu ya tangi na kwenye mabomba. Hidrojeni yenyewe haina harufu, ila inawaka. Kabla ya kutumia chochote, fungua bomba la moto la sinki ya jikoni, dirisha wazi, bila moto wala sigara karibu, na uliache dakika kadhaa. Likitoa sauti ya kupumua na kurusha hewa kabla ya maji, ndiyo gesi inayotoka. Ngoja litulie. Kisha mwaga tangi lote mara moja, jaza, pasha hadi 60. Mara nyingi harufu ya safari huishia hapo, bila dawa.

Ikirudi baada ya yote hayo

Umeosha, umebadilisha fimbo, joto liko sawa, sufuria bado inasema maji ya baridi ni safi, na bado bomba moja linanuka. Fuata bomba la moto kutoka kwenye tangi hadi mwisho wake, kwa macho na mikono. Unatafuta tawi lisilokwenda popote: bomba la sinki iliyoondolewa na kuzibwa ukutani, au tawi lililoachwa kwa ajili ya bafu ambalo halikujengwa. Maji yaliyolala humo ni ya uvuguvugu kila siku na hayatoki kamwe, hivyo klorini yako haikufika. Mara ya mwisho nilikuta mita tatu za bomba nyuma ya kabati la jikoni. Nililikata pale linapotoka kwenye bomba kuu, si pale lilipozibwa, na maji yaliyomwagika kwenye ndoo yalikuwa meusi kama wino.